Taka Mbichi Haziwashi Taa

Mwaka 1987, katika eneo la Timarpur kaskazini mwa jiji la Delhi, India, ulisimikwa mtambo mpya uliotumia teknolojia kutoka Denmark. Ulikusudiwa kumeza tani 300 za taka kila siku, kuzichoma, na kutokana na joto lake kuzalisha megawati 3.75 za umeme. Tanuri likawashwa, taka zikamiminwa, lakini moto haukushika. Mtambo ulifanya kazi kwa siku 21 tu za majaribio, kisha ukazimwa.

Tatizo halikuwa kwenye vyuma. Wasanifu walikuwa wamepiga hesabu ya taka zenye joto la megajuli sita hivi kwa kila kilo. Zilizofika getini zilikuwa na chini ya nusu ya hapo. Yalikuwa maganda na mabaki ya mboga yanayochuruzika maji, pamoja na vumbi, mchanga na majivu ya majikoni. Karatasi, maboksi na plastiki, yaani vitu vinavyowaka vizuri, vilikuwa vimeshaokotwa na kuuzwa na waokota taka kabla gari halijafika.

Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa kuni anaielewa habari hiyo bila kufundishwa. Ukisukuma jikoni kuni iliyokatwa jana, itatoa povu mwishoni, itafuka moshi, na chungu hakitachemka. Kuni mbichi ina nishati sawa na kuni kavu ndani ya nyuzi zake, ila moto hauna budi kwanza kuyafukuza maji. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula takriban megajuli 2.4, na mvuke huo hupaa juu ukaenda zake. Kwa kulinganisha, kilo ya kuni kavu hutoa megajuli kama 16, na kilo ya mkaa mzuri hukaribia 30.

Mwongozo uliotolewa na Benki ya Dunia mwaka 1999 kwa miji inayofikiria kujenga matanuri ya taka uliweka mpaka ulio wazi. Taka za mji ziwe na wastani wa angalau megajuli saba kwa kilo kwa mwaka mzima, na zisishuke chini ya sita katika msimu wowote. Masharti hayo mawili ndiyo yanayofaa kukumbukwa kila mara mradi wa umeme wa taka unapotajwa Afrika Mashariki, na unatajwa mara kwa mara. Dampo la Dandora jijini Nairobi lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na magari bado yanapanga foleni kumwaga. Dar es Salaam hupeleka taka zake Pugu Kinyamwezi. Huko Addis Ababa, tarehe 11 Machi 2017, mlima wa taka wa Koshe uliporomoka na kuua zaidi ya watu 110. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, pembeni ya dampo hilohilo ulizinduliwa mtambo wa Reppie, uliosanifiwa kuchoma tani 1,400 kwa siku, kwa gharama ya takriban dola milioni 120. Ulitangazwa kuwa wa kwanza wa aina yake barani.

Kutoka shimoni hadi kwenye mvuke

Mtambo wa kuchoma taka haufanani na tanuri dogo la hospitali linalochoma bandeji na sindano. Ni kiwanda kizima, na kazi yake huanzia kwenye shimo kubwa la zege ambamo magari humwaga mizigo. Juu ya shimo hutembea winchi yenye kucha za chuma. Mwendeshaji wake hukaa nyuma ya kioo, na kazi yake kuu ni kuchanganya: anainua donge la majani ya sokoni yaliyolowa, analimwaga juu ya maboksi ya dukani, anainua tena, anamwaga tena. Akilisha donge la majani peke yake, dakika chache baadaye joto la tanuri litashuka. Anayejua kuchanganya huwapunguzia wenzake kazi upande wa pili.

Kutoka hapo taka huingia kwenye tanuri na kulala juu ya vyuma vilivyopangwa kama ngazi, ambavyo husogea mbele na nyuma polepole. Ngazi za kwanza ni za kukausha, za katikati ni za kuwaka, za mwisho ni za kumalizia makaa. Safari hiyo huchukua kama saa moja. Hewa ya kuchochea moto hunyonywa kutoka kwenye shimo la taka lenyewe, na ndiyo maana mtambo unaoendeshwa vizuri haunuki kwa nje, kwani uvundo wake wote unaingizwa motoni.

Juu ya miali kuna chumba ambacho sheria za Ulaya zimekiwekea sharti lisilo na mjadala. Moshi wote lazima ukae katika nyuzijoto zisizopungua 850 kwa angalau sekunde mbili. Ndani ya sekunde hizo mbili, molekuli za sumu zilizotoka kwenye taka huvunjika. Joto likitaka kushuka chini ya kiwango hicho, vichomeo vya dizeli au gesi huwaka vyenyewe kulishikilia. Katika mji wenye taka mbichi vichomeo hivyo havizimiki, na hapo mradi uliojengwa ili kuzalisha nishati huanza kununua nishati.

Baada ya hapo moshi hupita katikati ya mabomba ya maji na kuyageuza kuwa mvuke unaozungusha tabini. Mvuke huo kwa kawaida hauzidishwi nyuzijoto 400 hivi, ilhali mitambo ya makaa ya mawe huvuka 500. Sababu ni klorini inayotoka kwenye baadhi ya plastiki na kwenye chumvi ya vyakula. Kadiri mabomba yanavyozidi kuwa ya moto, ndivyo klorini inavyoyatafuna haraka. Kwa hiyo mtambo unaotoa umeme peke yake huambulia kati ya asilimia 20 na 25 ya joto la taka. Miji ya Skandinavia hupata faida kubwa zaidi kwa sababu joto linalobaki husambazwa kwa mabomba kwenda kupasha nyumba wakati wa baridi. Dar es Salaam na Mombasa hazina mteja wa joto hilo.

Moshi husafishwaje

Kipande cha gharama kubwa katika mtambo wa kisasa huja baada ya moto, na mara nyingi huchukua nafasi kubwa kuliko tanuri lenyewe. Moshi unaotoka kwenye boila umebeba vumbi laini, asidi ya haidrokloriki, salfa dioksidi, oksidi za nitrojeni, mvuke wa zebaki kutoka kwenye betri na taa, chembe za risasi na kadimi, na dioksini.

Oksidi za nitrojeni hushughulikiwa mapema, moshi ukiwa bado wa moto sana, kwa kunyunyizia amonia au urea, ileile ambayo wakulima hukuzia mahindi. Oksidi hizo hurudi kuwa nitrojeni ya kawaida, ile iliyojaa kwenye hewa tunayovuta. Moshi ukishapoa, hupulizwa unga wa chokaa, kilo kama 10 hadi 20 kwa kila tani ya taka, ili kuzila asidi. Pamoja na chokaa hupulizwa mkaa maalumu uliosagwa, wenye vitundu vidogo visivyohesabika, wa chini ya kilo moja au kama hiyo kwa tani. Huo ndio unaonasa zebaki na dioksini. Mwisho moshi hulazimishwa kupenya kwenye mamia ya mifuko mirefu ya kitambaa kinachostahimili joto. Unga wa chokaa na mkaa hujijenga juu ya kitambaa kama ukoko, na ukoko huo wenyewe huendelea kuchuja.

Dioksini inahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo iliyowapa matanuri ya taka jina baya. Mwaka 1977 mwanakemia Kees Olie wa Amsterdam na wenzake waliikuta kwenye majivu ya matanuri ya Uholanzi. Mwaka 1989 ikagunduliwa kwenye maziwa ya ng'ombe waliolishwa katika malisho ya Lickebaert, karibu na tanuri kubwa la Rotterdam. Sumu hii hukaa kwenye mafuta ya mwili, haiondoki upesi, na inahusishwa na saratani na kuvurugika kwa homoni. Jambo gumu ni kwamba hata ikivunjwa yote kwenye nyuzi 850, inaweza kuzaliwa upya. Moshi unapopoa kati ya nyuzi 450 na 200, kaboni na klorini zilizobaki kwenye vumbi huungana tena, hasa kukiwa na chembe za shaba. Ndiyo maana wahandisi hutaka moshi uvuke eneo hilo la joto haraka, na mabomba ya boila yasirundikiwe vumbi.

Baada ya Lickebaert na visa vingine, Ulaya iliweka kikomo cha nanogramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Mitambo yenye mkaa na mifuko hukifikia kikomo hicho na kukipita kwa usafi. Lakini kuna jambo ambalo mwananchi anayeishi jirani na mtambo anastahili kulifahamu. Vumbi, asidi na kaboni monoksidi husomwa na vipimo saa zote, ila dioksini haisomeki papo hapo. Lazima sampuli ichukuliwe kwa saa kadhaa na kupelekwa maabara yenye vifaa ghali. Kipimo cha mara mbili kwa mwaka kinaweza kufanyika siku ambayo kila kitu kinakwenda sawa, wakati dioksini nyingi hutoka tanuri linapowashwa na linapozimwa, joto likiwa halijatulia. Katika mji ambako umeme wa gridi hukatika au magari ya taka huchelewa, kuwasha na kuzima huwa kwingi. Kwa sababu hiyo mitambo mingi ya Ulaya sasa huwekewa kifaa kinachonyonya sampuli kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne mfululizo.

Kati ya vipimo hivyo, mwendeshaji huiangalia kaboni monoksidi. Ikipanda ghafla kwenye skrini, moto unakosa hewa au taka zilizoingia ni mbichi, na sumu nyingine zinapanda nayo. Vumbi likipanda huku mengine yakiwa shwari, kuna mfuko umetoboka. Wingu jeupe juu ya bomba siku ya baridi si dalili ya hatari, kwa maana mara nyingi ni mvuke wa maji tu.

Hata hivyo, anayelinganisha lazima alinganishe na hali halisi. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa kienyeji yaliyochukuliwa karibu na dampo la Dandora yalipimwa, yakakutwa na dioksini iliyozidi kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa zaidi ya mara sita. Pale hapakuwa na mtambo wowote, bali moto wa wazi unaofuka usiku na mchana juu ya plastiki. Moto wa chini, usio na hewa, usio na chujio, ndio unaoizalisha sumu hii kwa wingi.

Majivu ni ya aina mbili

Moto hauziondoi taka zote. Katika tani moja ya taka za Ulaya, hubaki kilo 200 hadi 250 za majivu ya chini, yanayoanguka mwisho wa ngazi za tanuri. Kwa taka zetu, zinazofagiliwa pamoja na udongo wa barabarani, huzidi hapo. Majivu hayo hutumbukizwa kwenye maji yapoe, kisha sumaku hunyofoa misumari, vifuniko na nondo, na mashine nyingine huchambua alumini na shaba. Kinachobaki hufanana na kokoto chafu. Hurundikwa nje kwa wiki au miezi kadhaa, hewa na mvua vikaituliza kemia yake, na nchi kama Denmark na Uholanzi hulitumia chini ya tabaka za barabara.

Majivu hayo pia ni hati ya mashtaka ya tanuri. Sheria ya Ulaya inataka kaboni isiyoungua ndani yake isizidi asilimia tatu. Si lazima kuwa na maabara ili kushuku kasoro. Ukichambua rundo na kukuta gazeti ambalo bado linasomeka, au ganda la chungwa lililoungua ukingoni tu, jua kwamba taka zilipitishwa haraka au zilikuwa mbichi.

Aina ya pili ni vumbi lililonaswa na boila na mifuko, pamoja na chokaa na mkaa uliotumika. Ni dogo, kilo 20 hadi 50 kwa tani ya taka, lakini humo ndimo uchafu wote uliokamatwa ulimokusanyika: risasi, kadimi, zebaki, dioksini, na chumvi zinazoyeyuka upesi kwenye maji. Kadiri moshi unavyosafishwa vizuri, ndivyo vumbi hili linavyozidi kuwa la hatari. Denmark imekuwa ikilisafirisha kwa meli hadi kisiwa cha Langøya nchini Norwe, ambako limekuwa likitulizwa na kuzikwa kwenye machimbo ya zamani ya chokaa. Ujerumani hulishusha kwenye migodi ya chumvi iliyoachwa, chini kabisa ya ardhi, mahali ambapo maji hayafiki.

Aina hizi mbili zikichanganywa, hasara ni kubwa. Huko Byker, katika mji wa Newcastle nchini Uingereza, majivu ya tanuri la taka, ya chini na ya kwenye chujio yakiwa pamoja, yalitumika katika miaka ya 1990 kutengenezea vijia vya bustani ambamo wakazi hulima mboga na kufuga kuku. Takriban tani 2,000 zilimwagwa. Watu walikanyaga, watoto wakacheza, kuku wakachakura. Vipimo vilipofanyika, dioksini ilikutwa kwenye majivu na kwenye mayai, na wakazi wakaambiwa wasiyale. Mji ule ulikuwa na sheria, wakaguzi na maabara. Mkataba wowote wa mtambo katika miji yetu unapaswa kutaja kwa jina shimo ambalo vumbi la chujio litazikwa, na nani atalilipia hata baada ya mtambo wenyewe kufungwa.

Hesabu ya tani elfu moja

Tuchukue mfano wa mji unaokusanya tani 1,000 kwa siku, ambao taka zake nyingi ni za jikoni na sokoni. Tuseme katika kila kilo 100 za taka hizo, 55 ni maji, 20 ni mchanga na vitu visivyoungua, na 25 tu ndizo zinazowaka. Kilo moja ya kinachowaka hutoa kama megajuli 20. Kwa hiyo robo kilo inatoa megajuli 5, na maji yanakula 1.3. Zinabaki megajuli 3.7 hivi kwa kilo ya taka. Mji huo uko palepale ilipokuwa Timarpur.

Sasa tuseme soko na majumba yakatenga maganda, majani na mabaki ya chakula, nusu ya uzito wote, yakapelekwa kutengenezwa mbolea au biogesi. Maji mengi huondoka nayo. Tani 500 zilizobaki hupanda hadi megajuli 6 na ushei kwa kilo. Wakizuia pia tani 100 za mchanga wa kufagia barabara zisiingie kwenye magari hayo, zinabaki tani 400 zenye karibu megajuli 8. Hizo zinawaka zenyewe.

Mfano huu una fundisho ambalo wauzaji wa mitambo hawalitangulizi. Mji uliotenga taka zake unahitaji tanuri la tani 400, wala si la 1,000, na nusu ya kazi imefanywa na mbolea au biogesi, ambayo mtaji wake ni mdogo mno. Tanuri hilo la tani 400 litatoa takriban megawati 8, na sehemu yake italiwa na feni na winchi za mtambo wenyewe. Tabini moja tu ya bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, ina megawati 235, na ziko tisa. Umeme, basi, hautoshi kuwa sababu ya kujenga mtambo wa taka. Huo ni malipo ya ziada kwa huduma ya kupunguza taka. Huko Ulaya na Asia mapato makubwa ya mitambo mingi hutoka kwenye ada inayolipwa kwa kila tani inayoingia getini. Halmashauri isiyoweza kumlipa mwenye mtambo ada hiyo kila mwezi, kwa miaka 20 au zaidi, itajikuta inadaiwa.

Mahali ambapo hesabu inakubali panaonekana Singapuri. Ni nchi ya joto na mvua kama pwani yetu, lakini taka zake zina plastiki na karatasi nyingi, hukusanywa kila siku bila kukosa, wananchi na viwanda hulipia, na ardhi ya dampo haipo. Tanuri la kwanza lilifunguliwa Ulu Pandan mwaka 1979. Kuchoma kunapunguza ujazo wa taka kwa asilimia 90 hivi, na majivu hupelekwa kwa mashua hadi kisiwa cha Semakau, dampo lililojengwa baharini na kuanza kazi mwaka 1999. Hata hivyo linatarajiwa kujaa ifikapo mwaka 2035 hivi, na serikali yao inahangaika kupunguza taka ili lidumu zaidi. Dubai nayo, yenye taka kavu na fedha, imejenga huko Warsan mmoja wa mitambo mikubwa kuliko yote duniani.

Kwa mji wa Afrika Mashariki unaoletewa ramani ya mtambo, kuna kipimo kinachoweza kufanyika bila mshauri wa kigeni. Magari kadhaa huchaguliwa, moja kutoka Kariakoo, jingine Masaki, jingine Mbagala. Mzigo humwagwa kwenye turubai, huchanganywa kwa koleo, hugawanywa mafungu manne, mawili yanayokabiliana yakatupwa, na yaliyobaki kuchanganywa tena hadi ipatikane sampuli ya kilo 100 hivi. Sehemu yake hukatwakatwa, hupimwa, na kuwekwa kwenye oveni ya maabara yenye nyuzi 105 mpaka uzito uache kupungua. Uzito uliopotea ndio maji. Kilichokauka huchomwa hadi yabaki majivu, na majivu hupimwa. Kazi hiyo irudiwe kila mwezi kwa mwaka mzima, hasa Aprili, masika yakiwa yamekolea na magari yasiyo na vifuniko yakichuruzika njia nzima. Mkutano wa wananchi kuhusu mradi unapoitishwa, tarakimu ya Aprili ndiyo ya kwanza kuulizwa.